UKIAMBIWA "WEWE UKO BIZE KILA SIKU"

Msimu wa kuvuna mahindi ukifika hapa Eldoret, nasikia sana akina mama wakisema, "Baba watoto, wewe uko bize kila siku." Naye mzee hujibu mbio, "Si ninawatafutia nyinyi?" Ni kweli anatafuta. Lakini mama hajauliza kuhusu pesa, anasema amekukosa. Ukijitetea, kesho atanyamaza, na kunyamaza huko usikuite amani.

Ndugu mmoja anayenunua mahindi alimjibu mkewe hivi: "Mama, ni kweli. Wiki hii umekula chakula cha jioni peke yako mara nne, na naona imekuuma. Jumanne saa 11 jioni nafunga kazi, twende mjini tunywe chai sisi wawili. Simu nitaiacha nyumbani. Saa hiyo itakufaa?"

Angalia, alitaja kwanza yaliyompata mkewe, wala hakuongeza "lakini". (Hiyo "lakini" hufuta yote uliyosema.) Kisha akataja siku na saa, maana "tutaona wikendi" si ahadi. Hakuahidi siku nzima, kwa sababu malori yasingemruhusu. Saa mbili alizoweza kutoa ndizo alizotoa.

Jumanne lori likachelewa. Alimpigia mkewe simu saa 9, kabla hajaanza kujitayarisha, akaomba iwe Jumatano saa ileile. Jumatano, saa 10 na nusu, alikuwa ameshafunga.