Onyesho la Saba

Nilipoanza kuandika miswada kwa ujira, nyumbani Vigwaza kando ya barabara iendayo Morogoro, zana zangu zilikuwa taipureta na karatasi ya kaboni, na mteja alipotaka badiliko ilinibidi nipige chapa ukurasa mzima upya. Taabu hiyo ndiyo iliyotuhifadhi, kwani hapana aliyethubutu kugusa ukurasa uliokwisha kukubaliwa. Ilipokuja kompyuta kugusa kukawa wepesi, na kupoteza kadhalika.

Naikumbuka filamu fupi ya maonyesho 18 juu ya wafugaji na wakulima wagombeao maji ya Ruvu. Toleo la 2 nililipeleka kwa wakubwa watatu wa mteja. Wawili wakajibu upesi, nikaandika toleo la 3, na humo onyesho la 7, ambapo mama mkulima anamnywesha ndama wa jirani kwa ndoo iliyotoboka, likakubaliwa kwa sahihi. Baada ya juma moja yule wa tatu akaleta maoni yake, naye alikuwa ameyaandika ndani ya toleo la 2. Badala ya kuyahamisha maoni, mimi kwa uvivu niliichukua hati yake yenyewe, nikairekebisha, nikaiita toleo la 4. Namba ilikuwa mpya ilhali matini ni ya kale, na siku waigizaji walipoketi kusoma, mama akapita mtoni bila ndoo wala ndama.

Tangu siku hiyo sikupokea tena hati ya mtu kuwa asili yangu. Maoni, yawe yamekuja kwa barua au kwa simu, huyanakili moja moja katika toleo la mwisho, kisha hulihifadhi kwa jina jipya, `ruvu_v05`, bila kuligusa lililotangulia, na kila mstari uliobadilika huutia nyota pambizoni. Katika daftari huandika namba ya onyesho, toleo lililokubaliwa, tarehe na mwenye sahihi. Namba za maonyesho nazo hazisogezwi: lililofutwa hubaki na namba yake na neno LIMEONDOLEWA, na jipya huitwa 4A, kwa kuwa ratiba ya kupiga picha hufuata namba hizo.

Hata hivyo kufunga onyesho hakutoshi. Katika toleo la 6 mteja aliondoa onyesho la 4, ambamo ndoo ilitobolewa kwa mkuki. La 7 halikuguswa hata herufi, lakini tundu la ndoo halikuwa na asili tena. Nikamwandikia: “Onyesho la 7 mlilitia sahihi katika toleo la 3, je, tulifungue, au tuongeze 4A?” Akachagua 4A, mistari sita tu.

Filamu ilipigwa kwa toleo la 7, na mama alisema maneno yale yale yaliyotiwa sahihi katika toleo la 3.