Hema Lenye Kitanda: Siku Mbili Tsavo Pamoja na Mama

Katika nyumba zetu nyingi, likitajwa jambo la kulala porini, watu hugawika makundi mawili. Vijana hutaka hema la kufungwa kwa kamba na mkeka wa kutandika chini. Wakubwa huuliza choo kiko wapi. Mama yangu yumo katika kundi la pili, na ana haki, kwani magoti yake hayamruhusu kuchuchumaa wala kuinuka kutoka sakafuni. Naye tangu ujana wake amepita Tsavo mara nyingi kwa basi akienda Nairobi, na wale tembo wekundu, waliojipaka udongo wa nchi ile, amewaona kupitia dirishani tu. Mwaka huu alisema angependa kuwatazama akiwa ameketi.

Kilichotupatanisha na wajukuu wake ni hema la kudumu, lile ambalo watu wa utalii huliita glampingi. Hujengwa juu ya jukwaa la saruji au mbao. Kuta zake ni turubai nene, madirisha ni wavu wenye pazia la kukunjua, na mlango hufungwa kwa zipu. Ndani mna vitanda vyenye magodoro, na kwa nyuma, mahali palipozungushiwa ukuta wa mawe, mna bafu na choo cha kukalia. Tulishuka treni Voi, tukakodi gari hadi kambini, na Mama akapanda ngazi mbili tu kuingia chumbani mwake.

Kabla ya kulipa niliomba nitumiwe picha ya hema likiwa limepigwa kutoka ubavuni. Watu wa kambi walishangaa, kwa kuwa wageni huomba picha ya kitanda. Lakini turubai lililo wazi juani hupata moto, na ikifika adhuhuri ndani hapakaliki. Hema jema huwa na paa la pili juu yake, la makuti au la turubai jingine, na kati ya paa hizo mbili pana nafasi ya upepo kupita. Picha ya ubavuni ndiyo inayoonyesha nafasi hiyo. Ikiwa makuti yamelalia turubai, joto litashuka moja kwa moja kwa waliomo ndani.

Jambo la sitara nalo mama zetu walifahamu vizuri. Mchana wavu wa dirisha huficha, maana nje pana mwanga kuliko ndani. Usiku mambo hupinduka: taa ikiwaka ndani, aliye nje huona kila kitu kupitia wavuni, na hata mapazia yakishushwa, anayesimama kati ya taa na ukuta huchorwa kivuli chake juu ya turubai. Kwa hiyo mapazia yalishushwa kabla ya magharibi, na kubadili nguo kulifanywa bafuni, nyuma ya mawe. Sauti haina dawa kama hiyo. Turubai haliizuii hata kidogo, na mwenye kukoroma hujulikana kambi nzima. Nilichagua mahema ya mwisho, yaliyo mbali na mengine.

Maji ya moto ya kuoga huletwa kwa ndoo ya lita ishirini, ikapandishwa kwa kamba nyuma ya hema, nayo ina bomba lenye matundu kwa chini. Hayo humtosha mtu mmoja, wawili wakifunga bomba wanapojipaka sabuni. Mama alioga akiwa ameketi juu ya kiti cha plastiki tulichokiomba mapema. Kwa udhu tulitumia kopo la lita moja kila mtu, na yakabaki. Kibla hakikututaabisha: kutoka Voi, Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Chakula hakilazwi hemani hata kikiwa ni biskuti ya mtoto, kwa sababu nyani hujifunza kufungua zipu. Vichwa viwili vya zipu tulivifunga pamoja kwa kipande cha kamba kila tulipotoka. Wala hapana anayetembea peke yake baada ya giza kuingia. Hupigiwa tochi askari, naye huja kukusindikiza. Hilo liliwauma vijana, waliodhani porini ni pa kuzurura.

Tulikwenda mwezi wa Agosti kwa makusudi. Wakati wa mvua tembo hutawanyika, kwa kuwa kila dimbwi lina maji. Wakati wa kiangazi hawana budi kukifuata kisima kinachojazwa, na kambi ile ilikuwa na kimoja mbele yake. Usiku wa pili walikuja kumi na mmoja pamoja na watoto wao. Mama alikuwa ameketi barazani, blanketi mabegani, kwani alfajiri ya Tsavo ina baridi. Saa saba nilimwendea kumhimiza akapumzike.

“Nenda ukalale wewe, mwanangu,” akaniambia bila kugeuka. “Hawa bado wanakunywa.”