Ndege nzito hivi, nani anaibeba?

Shule ninayofundisha iko upande wa njia ya kwenda uwanja wa Luano, na kila ndege inapopita juu ya paa kalasi nzima inanyamaza. Kisha mtoto mmoja anainua mkono: "Mwalimu, nikirusha jiwe dogo linaanguka. Ndege ina watu, ina mizigo, ina mafuta. Mbona yenyewe haianguki?" Hata sisi wakubwa tunajiuliza hivyo, zaidi siku ya kumsindikiza mtu wetu anayesafiri kwenda Kinshasa. Basi juma hili tulijibu polepole, kwa kutumia vitu vya nyumbani.

Tuanze na hewa. Tunasema chumba ni kitupu, kumbe kimejaa hewa, na hewa ina uzito. Hapa kwetu Lubumbashi, sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja moja linabeba hewa ya karibu kilo moja. Kalasi yangu ina mita 8 kwa 7, na kimo mita 3. Hewa iliyo ndani yake inakaribia kilo 170, sawa na mifuko saba ya unga wa bukari, ile ya kilo 25.

Hewa hiyo haiishii kwenye paa. Inaendelea kwenda juu kilometa nyingi, na yote imetulalia. Chukua meza ndogo ya mita moja kwa mita moja: hewa inaikandamiza kwa juu kwa uzito wa karibu tani 9. Meza haivunjiki, kwa sababu hewa iliyo chini yake nayo inaisukuma kwenda juu kwa nguvu ileile. Nguvu hizo mbili zinalingana, kwa hiyo hatuoni kitu.

Sasa fikiri: kama tungeweza kuipunguza kidogo tu ile nguvu ya juu, hewa ya chini ingeinyanyua meza. Hiyo ndiyo kazi ya bawa la ndege.

Tupige hesabu. Ndege aina ya Airbus A320, kama zile ambazo Congo Airways ilianza nazo mwaka 2015, ikijaa inaweza kuwa na tani 75. Ni sawa na mifuko 3000 ya unga. Mabawa yake yana eneo la mita mraba karibu 122, yaani kama sakafu ya kalasi mbili zangu. Ukigawa tani 75 kwa eneo hilo, kila mita mraba ya bawa inatakiwa kubeba kilo 600 na kidogo. Ni nyingi, lakini kumbuka kwamba hewa inasukuma kwa karibu tani 9 kwenye kila mita mraba. Bawa halihitaji nguvu hiyo yote. Linahitaji tu tofauti kati ya juu na chini, na tofauti hiyo ni kama sehemu moja kwa kumi na nne.

Bawa linaipataje tofauti hiyo? Jaribuni jikoni. Fungua robine maji yatiririke sawasawa, au mwambie mtoto amimine kwa jagi. Shika kijiko kwenye ncha ya mkono wake, kwa vidole viwili tu, kininginie. Sogeza mgongo wake, ile sehemu iliyovimba, mpaka uguse maji. Utadhani maji yatakisukuma mbali. Sivyo: kijiko kinavutwa kuingia kwenye maji. Angalia na maji yenyewe: yanafuata mgongo wa kijiko, yanapinda, yanatokea upande mwingine. Kijiko kimeyapeleka maji upande mmoja, na chenyewe kimevutwa upande wa pili.

Bawa linaifanyia hewa vilevile. Mgongo wake umevimba kidogo, na upande wake wa mbele umeinuka kidogo kuliko wa nyuma. Ndege ikikimbia, hewa inaufuata mgongo huo, inapinda, na inatoka nyuma ikielekea chini. Bawa linaisukuma hewa chini, hewa inalisukuma bawa juu. Wakati huohuo mkandamizo unapungua juu ya bawa na kuongezeka kidogo chini yake. Watoto wakileta kitabu kinachosema kwamba hewa ya juu inaharakisha ili ikutane tena na ile ya chini nyuma ya bawa, waambieni kwamba hazikutani: hewa ya juu inafika ya kwanza.

Yote haya yanahitaji mwendo. Ndege iliyosimama haina kitu cha kuibeba isipokuwa magurudumu. Na mwendo una faida kubwa: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya bawa inaongezeka mara nne. Kwa hiyo motere haziinyanyui ndege kwa mkono wao. Kazi yao ni kuipa mwendo, na mabawa ndiyo yanayobeba. Tarehe 24 mwezi wa 8 mwaka 2001, ndege kubwa ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya bahari ya Atlantiki, motere zote mbili zikazimika. Haikuanguka kama jiwe. Iliteleza hewani karibu kilometa 120, kama kutoka Likasi hadi hapa kwetu, ikishuka polepole na kuutunza mwendo wake, mpaka ikatua kwenye visiwa vya Azores. Watu wote 306 waliokuwa ndani walipona.

Sasa turudi kwetu, maana Lubumbashi ina ugumu wake. Uwanja wa Luano uko mita 1300 hivi juu ya bahari, na huku juu hewa imepungua. Joto nalo linaitawanya zaidi. Ndiyo maana nilisema kwamba sanduku letu lina kilo moja. Kule Muanda, kando ya bahari, sanduku hilohilo lina karibu kilo 1.2. Mchana wa mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, bawa linalokimbia kwenye pisti ya Luano linakuta hewa chache ya kusukuma chini.

Rubani afanye nini? Lazima akimbie zaidi. Tuseme ndege fulani, na uzito fulani, inanyanyuka Muanda ikifika kilometa 250 kwa saa. Luano wakati wa joto, ndege hiyohiyo na mzigo uleule itahitaji karibu 275. Na motere nazo zinavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu yao imepungua. Mwendo unaotakiwa umeongezeka, wakati nguvu ya kuufikia imeshuka. Basi ndege inakula pisti ndefu. Pisti ya Luano ina zaidi ya kilometa 3, lakini hata hiyo ina mwisho. Kabla ya kuondoka, watu wa kampuni wanapima joto na upepo, wanajumlisha uzito, kisha wanaangalia kwenye jedwali kama pisti inatosha. Isipotosha, wanapunguza mzigo au mafuta, au wanangoja baridi. Ndiyo maana mzigo unaokubaliwa alfajiri unaweza kukataliwa saa nane mchana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kijiko kinaweza kutufundisha. Kigeuze mpaka mgongo wake uyapinde maji kupita kiasi: yatashindwa kuufuata, yatabanduka, na mvuto utakwisha. Hata bawa ni hivyo. Rubani hawezi kuiokoa ndege iliyozidiwa uzito kwa kuinua pua yake tu. Kama mwendo haujatosha, hewa inabanduka mgongoni mwa bawa na ndege haibebwi tena.

Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka 1996, Kinshasa ililipa deni la hesabu hiyo. Ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilikuwa inaondoka kwenye uwanja mdogo wa Ndolo, katikati ya mji. Ilikuwa imebebeshwa kupita kiasi. Ilikimbia pisti yote bila kunyanyuka, ikapita mwisho wa pisti na kuingia katika soko la Simbazikita, mahali ambapo watu walikuwa wakiuza na kununua chakula cha siku. Zaidi ya watu 200 walikufa pale sokoni. Hawakuwa abiria, hawakuwa na tiketi. Walikuwa kwenye meza zao za biashara, kama tunavyokaa sisi sokoni kila siku.

Kwa hiyo tunapofika Luano na mizigo yetu, ule mzani ni sehemu ya hesabu ya bawa. Naijua tabia yetu: sanduku likizidi, tunatoa makayabu na viatu, tunavificha kwenye mkoba wa mkononi, tunavaa nguo tatu, tunamwomba jirani atusaidie kubeba. Mara nyingi kampuni haimpimi kila abiria. Inatumia kipimo cha wastani cha mtu pamoja na mkoba wake mdogo. Kilo tulizoficha haziingii kwenye karatasi ya rubani. Abiria 150, kila mmoja akificha kilo 8 tu, ni kilo 1200. Ni mifuko 48 ya unga ambayo rubani hajui kwamba anaibeba, na amechagua mwendo wa kunyanyukia kana kwamba haipo.

Ukikaa karibu na dirisha, angalia nyuma ya bawa kabla ndege haijakimbia. Utaona vipande vinajitokeza na kuinama chini. Vinalipanua bawa na kulipinda zaidi, ili lipeleke hewa nyingi chini hata kabla mwendo haujawa mkubwa. Kisha ndege itakimbia. Hesabu sekunde polepole. Asubuhi ya baridi, ndege ikiwa na mzigo mdogo, utahesabu chache. Mchana wa joto, ikiwa imejaa, utahesabu nyingi, na mti wa mwisho wa pisti utauona karibu zaidi. Tofauti hiyo ndiyo joto, ndiyo kimo cha mji wetu, na ndiyo kilo tulizopanda nazo. Mtu unaweza kumficha kilo zako, lakini hewa itazipima zote.