Matumbawe ya Mama Mmoja

Usiku ule tulitoka kisiwani Wasini baada ya sala ya isha, watu sita katika mashua moja, na mwezi ulikuwa umekwisha kupita upevu wake kwa siku tatu. Ami yetu, ambaye amevua katika maji haya tangu ujana wake, alituonya tuzime injini mapema na tuache kelele. "Tumekwenda kungoja uzazi," alisema. Chini yetu, kina cha mita sita hivi, yalikuwepo matumbawe tuliyoyapanda kwa mikono yetu wenyewe miaka minne kabla, na kwa mara ya kwanza tulitaraji kuyaona yakizaa.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu walilijua tumbawe kama jiwe tu, lile lililojengewa nyumba za wazee wetu na kuchomwa likawa chokaa. Jiwe lile ni nyumba iliyoachwa. Waliolijenga ni vinyama vidogo, kila kimoja na mdomo wake, maelfu kwa maelfu wakiishi bega kwa bega, na ndani ya nyama zao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mwani huo hutoka na tumbawe hupauka. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na sehemu nyingine hazijarudi kama zilivyokuwa.

Ndiyo sababu tulianzisha kitalu, baada ya kupata idhini. Tulifunga mabomba ya plastiki yakawa mfano wa mti wenye matawi, chini tukautia nanga, juu boya, ukasimama katikati ya maji mbali na mchanga. Kwenye matawi hayo tulitundika kwa mshipi vipande vya tumbawe la matawi, aina iitwayo akropora, kila kipande urefu wa kidole. Kazi kubwa ilikuwa kusugua. Kila wiki mbili ilitubidi kuondoa mwani na chaza walioota juu ya mabomba, kwani ukiwaacha huwafunika watoto wa tumbawe wakafa, na mti nao huelemewa na uzito. Kwa mwaka mmoja vipande vikawa vichaka vya ukubwa wa kichwa cha mtu, nasi tukavipeleka mwambani na kuvigandisha kwa saruji. Samaki walirudi, na sisi tukajiona tumemaliza.

Kosa letu lilikuwa limekwisha kutendeka siku ya kwanza. Tulipotafuta mbegu tuliona tumbawe moja kubwa, zuri, lililosalimika na joto. Tukakata vipande vyetu vyote kutoka kwalo, kidogo kidogo kwa safari kadhaa ili tusiliue. Tulidhani tumechagua vyema.

Basi turudi usiku ule. Wazamiaji wetu wawili walishuka na tochi nyekundu, kwa kuwa mwanga mweupe huweza kuvuruga uzazi. Mapema wiki ile walikuwa wamevunja tawi moja, si kwenye ncha maana huko mayai hayakai, bali chini kidogo, wakakuta mayai yenye rangi ya waridi. Mayai meupe maana yake hayajaiva bado. Kwetu hapa, tofauti na mwambao wa Australia ambako aina nyingi huzaa pamoja katika siku chache, uzazi hutawanyika katika miezi kadhaa ya kaskazi, hivyo asiyevunja tawi akatazama huenda akangoja bure.

Ilipokaribia saa tatu mmoja wao aliibuka akasema, "Yamejaa midomoni." Kila kinyama kilikuwa kimesukuma mdomoni kifurushi kimoja cha duara, ndani yake mayai na mbegu za kiume pamoja, kwani akropora ni dume na jike kwa wakati mmoja. Baada ya nusu saa vifurushi viliachiliwa. Vilipanda polepole, mamia kwa mamia, hata uso wa bahari ukawa kama umenyunyiziwa tembe za waridi. Ami alivua kofia yake. Hakuna aliyesema neno.

Mpwa wetu, ambaye amesomea mambo ya bahari, hakutulia. Alikuwa ametega juu ya matumbawe yetu manne nyavu za kitambaa chembamba zenye umbo la faneli, kila moja na chupa juu. Wavu wa tano aliutega juu ya tumbawe la asili la aina ileile, ng'ambo ya mkondo, mita mia mbili hivi, nalo kwa bahati lilizaa usiku uleule. Vifurushi hupasuka vyenyewe juu ya maji. Mayai ya matumbawe yetu manne aliyachanganya katika bakuli moja. Katika bakuli la pili alitia ya kwetu pamoja na ya lile la ng'ambo. Tukarudi nyumbani nayo.

Baada ya saa tatu yai lililopata mbegu hugawanyika: mawili, kisha manne, na kwa lenzi nzuri mgawanyiko huo huonekana. Tulipanga zamu ya kutazama, hata mama na watoto waliokataa kulala. Bakuli la pili karibu mayai yote yalikuwa na mikunjo. La kwanza yalikuwa laini na duara kama yalivyotoka, ila moja moja. Mpwa wetu aliangalia tena, kisha akaweka lenzi chini.

"Si manne haya, ami," alisema. "Ni tumbawe moja."

Mama ndiye aliyeelewa kabla yetu. "Kama muhogo," akasema. Ukikata shina la muhogo ukapanda miche mia, shamba zima ni muhogo uleule. Kipande cha tumbawe ni hivyo pia. Hata dhoruba ikivunja tawi likaota pengine, ni mwili uleule uliohama. Na mbegu za kiume za akropora kwa kawaida hazirutubishi mayai ya mwili wake. Lile la ng'ambo lingeweza kutusaidia, lakini kwa umbali ule mbegu huzimuliwa na maji kabla ya kukutana na mayai. Tulikuwa na bustani iliyozaa vizuri na isiyopata mtoto. Zaidi ya hapo, lilipokuja joto la mwaka 2024, bustani ile ilipauka yote katika wiki moja, kwa sababu kilichomshinda mmoja kiliwashinda wote. Takriban nusu ilikufa.

Sasa tunakata kwa namna nyingine. Tumechagua mama kumi na wawili, kila mmoja mbali na mwenzake na katika kina tofauti, na kwa kila mama hatuzidishi sehemu moja ya kumi. Kila tawi la kitalu lina namba ya mama mmoja. Tunapopanda mwambani, namba tofauti hukaa jirani, hatua moja au mbili, ili vifurushi vipasuke pamoja. Na tunajizuia kukata tena vichaka vilivyokua, kwani tumbawe likirudishwa udogoni huacha kuzaa mpaka likue upya. Hili ni gumu kwetu, maana kila kichaka kikubwa kinatushawishi kukifanya vichaka kumi.

Kiluwiluwi kikipatikana huogelea siku chache, kisha hutafuta mwamba wenye ukoko mwekundu wa mwani, kikajibandika hapo, ukubwa wa kichwa cha pini. Wengi wao huliwa au hufunikwa na mchanga. Mwezi uliopita mzamiaji mmoja alileta picha ya kitu cheupe chenye upana wa ukucha, kando ya namba saba na namba tatu, mahali ambapo hatukupanda chochote. Mpwa wetu anasema huenda ni akropora, huenda ni aina nyingine, na haitajulikana mpaka liote matawi. Ami huenda kila bamvua, maji yakitoka, kulitazama kupitia sanduku lake lenye kioo.