Safu ya "Mengineyo"

Mwaka juzi niliombwa kukaa kwenye jopo la kusoma maombi ya ruzuku kwa wanawake wenye biashara ndogo. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, maandiko zaidi ya mia, na kila mmoja angepata si zaidi ya shilingi 5,000,000. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilianza na maelezo. Mama aliyekaa kando yangu, mstaafu wa benki, alifungua ukurasa wa bajeti kwanza. Hadithi alikuwa anairudia baadaye, kuona kama vitu hivi viwili vinajuana.

Kuna andiko moja halijanitoka. Dada mmoja wa Dodoma anatengeneza siagi ya karanga. Aliandika vizuri kweli, hadi harufu ya karanga nikaisikia. Katikati ya maelezo akagusia, kama kwa bahati mbaya, kwamba anasagia kwenye mashine ya jirani siku mbili tu kwa wiki. Anatoa makopo 60, wakati maduka yanamtaka 90. Bajeti yake sasa: kodi ya fremu, makabati, mabango, halafu "mengineyo" 700,000. Jumla 5,000,000 kamili, bila kupungua hata mia.

"Huyu hana shida ya fremu," mama akasema. "Ana shida ya mashine." Akachukua kalamu. Makopo 30 yanayokosekana, faida ya 1,500 kila kopo, ni 45,000 kwa wiki. Mashine ya 1,800,000 ingejilipa ndani ya wiki 40. Hesabu yote ilikuwa inapatikana ndani ya andiko. Mwenyewe tu hakuiandika. Na jopo haliruhusiwi kumwandikia mtu bajeti. Alikosa alama mbili kufikia wastani wa kupita.

Aliyepita alikuwa mfugaji wa kuku mwenye Kiswahili cha kusuasua. Aliomba 2,150,000, akaambatanisha ankara kifani ya kitotoleshi kutoka dukani na picha za daftari lake la mauzo la miezi sita, pamoja na mwezi ambao kuku walikufa. Ule mwezi mbaya ndio uliotufanya tuiamini ile mitano mingine.

Tangu hapo watu hunitumia viunganishi vya "ruzuku" waulize kama ni za kweli. Nauliza kwanza: kuna ada ya kuomba? Kama ipo, achana nayo. Pili, hela inarudishwa? Ile asilimia 10 ya halmashauri, yaani nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, lakini ni mkopo, tena kwa kawaida wa vikundi. Taasisi ya Tony Elumelu hutoa dola 5,000 zisizorudishwa, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa 1 Januari.

Yule dada wa karanga nilitamani sana kumpigia simu. Kanuni za jopo zilikataza, na barua waliyomtumia ilikuwa ya mistari mitatu, haikutaja mashine.