Sindano Ikishachomwa Haitolewi

Sisi wake tuliohamia Migori na Homa Bay kutoka pwani wengi wetu tumeizoea sindano ya Depo, kwa kuwa ni ya siri na huchomwa mara moja kwa miezi 3. Lakini ikishaingia mwilini haitolewi. Aliyepungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, au aliyeshukiwa na huzuni, hana budi kungoja iishe.

Mwenzetu mmoja wa Homa Bay alichomwa Januari. Kufikia Machi alikuwa akilia asijue analilia nini, na mumewe akadhani amechokwa. Tulimshauri aandike tarehe ya sindano, siku za huzuni, usingizi na hamu, na kama ananyonyesha. Kunyonyesha na uchovu navyo hupunguza hamu.

Aprili, kabla ya tarehe ya sindano nyingine, alimpa muuguzi daftari akasema waziwazi: "Hali hii ilianza baada ya sindano. Nataka njia isiyo na homoni." Muuguzi alimuuliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Swali hilo halijibiwi kwa haya.

Alichagua koili ya shaba, akawekewa kabla kinga ya sindano haijaisha. Aliambiwa huweza kuzidisha damu ya hedhi, nasi tunajua hilo linavyogusa sala na funga. Kipandikizi kina homoni, ila hutolewa siku yoyote. Huzuni ikiendelea miezi mingi baada ya dawa kwisha, arudi kliniki, sababu itafutwe kwingine.