Ile nusu chupa inayobaki

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye gari hazina gereji. Gari linalala uani, fundi anaitwa Jumamosi, na kazi yote inafanyika mbele ya mlango wa jikoni, watoto wakitazama. Rejeta inafunguliwa, maji ya zamani yanatolewa kwenye beseni, kulanti mpya inamiminwa. Fundi akishalipwa na kuondoka, pale ukutani inabaki nusu chupa ya kitu chenye rangi, na swali la mahali pa kukiweka linaachiwa mama wa nyumba.

Kulanti ndiyo ile ambayo nchi za baridi huitia kwenye rejeta ili maji yasigande. Huku kwetu barafu ya usiku wanaijua watu wa Makete na Njombe. Dar es Salaam inanunuliwa kwa sababu inazuia kutu ndani ya injini na inafanya maji yachelewe kuchemka. Nyingi zimetengenezwa kwa kimiminika kiitwacho ethilini glaikoli, ambacho hakina harufu ya kumkimbiza mtu na kina ladha tamu. Kiwandani hutiwa rangi ya kijani, nyekundu, waridi au bluu ili fundi aone panapovuja. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kitu chekundu, kitamu, ndani ya chupa, ni sharubati.

Kuna familia moja ya Kimara ambayo mambo haya yaliifikia kwa mfuatano wa siku tatu. Gari lao ni dogo, la aina inayochukua kama lita tano kwenye mfumo mzima wa kupozea. Fundi alikuja na dumu la lita tano, la kulanti iliyokwisha kuchanganywa na maji nusu kwa nusu. Kwa kuwa maji ya zamani hayakutoka yote, mpya haikuingia yote. Ikabaki kiasi cha nusu lita. Fundi alilitaka dumu, maana dumu zuri lina matumizi mengi, basi akaimimina ile iliyobaki kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaifunga, akamwambia baba aitunze ya kuongezea. Baba akaiweka kwenye rafu ya chini karibu na mlango. Beseni la maji ya zamani likabaki uani mpaka jioni.

Usiku ule paka wao alianza kuyumba. Alikuwa akitembea kama mlevi, miguu ya nyuma ikipishana, na watoto walicheka. Jumapili alilala kutwa nzima, akatapika mara mbili, hakugusa dagaa. Jumatatu alfajiri walimkuta amekufa chini ya gari. Bibi wa nyumba alisema amekula panya aliyewekewa sumu, na kwa mtaa ule hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Saa nne asubuhi binti wa miaka mitatu akapita sebuleni akiikokota ile chupa kwa shingo, kizibo kimelegea, blauzi ina doa la waridi. Mama yake akaitazama chupa, akakumbuka paka, akampigia simu mumewe. Hawakuwa na namna ya kujua kama mtoto amekunywa au amemwagikiwa tu. Chupa ilikuwa na upungufu wa karibu vidole viwili, na baba hakukumbuka kama ilijaa tangu mwanzo.

Walichofanya baada ya hapo kilikuwa sahihi. Bibi alitaka mtoto apewe maziwa na atiwe kidole kooni atapike. Mama alikataa yote mawili, kwa heshima lakini bila kusita. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na kumtapisha mtoto kunaweza kumpaliza akavuta matapishi kwenye mapafu. Alimsafisha mdomo na mikono, akaichukua chupa yenyewe, akapanda bodaboda. Njiani alimpigia fundi amsomee maandishi yaliyo kwenye lile dumu.

Daktari aliuliza mambo matatu: amekunywa nini, saa ngapi, na mtoto ana kilo ngapi. Binti alikuwa na kilo 13. Kwa kawaida inakadiriwa kwamba ethilini glaikoli kavu huweza kuua kwa mililita 1.4 hivi kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto yule hiyo ni mililita 18, na kwa kuwa ya kwao ilichanganywa nusu kwa maji, ni 36, yaani vijiko viwili vya chakula na kidogo. Hesabu hiyo si mpaka wa usalama. Chini yake mtoto bado anaweza kuumia figo. Vidole viwili vya chupa ya nusu lita vinazidi sana kiasi hicho. Hivyo hakuna aliyesubiri aone dalili. Mtoto alilazwa, damu ikapimwa na kurudiwa, mkojo ukafuatiliwa mpaka kesho yake. Ilionekana hakuwa amemeza cha kudhuru. Upungufu wa chupa ulikuwa kwenye blauzi na kwenye zulia.

Kusubiri dalili kungekuwa kosa kwa sababu ya namna sumu hii inavyofanya kazi. Ikiingia tumboni, mwanzoni inalevya tu, kama pombe isiyo na harufu: mtoto anasinzia, anayumba, anatapika. Baada ya saa kadhaa anaweza kuonekana ana nafuu, na mzazi akashusha pumzi. Wakati huo ini linaibadilisha kidogo kidogo kuwa asidi, na mwisho wa mlolongo huo hutokea fuwele ndogo zinazokaa kwenye figo. Kupumua kunakuwa kwa haraka, mkojo unapungua, na kufikia siku ya pili au ya tatu figo zinaweza kusimama. Dawa iliyopo humzuia ini asiibadilishe, kwa hiyo inafaa zaidi mapema, kabla asidi haijawa nyingi. Baadaye inabaki mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo haipo kila hospitali.

Paka wa nyumba ile alikuwa na kilo nne hivi. Kwake yeye vijiko viwili vya chai vya mchanganyiko vilitosha, na beseni lilikuwa na lita nyingi. Hakuhitaji hata kunywa. Paka akikanyaga kulanti iliyomwagika atajilamba miguu. Mbwa huhimili zaidi, lakini mbwa hunywa kwa pupa. Mnyama anayeyumba siku ambayo gari limetengenezwa apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kwa paka, zikipita saa tatu hivi tiba huwa haimfai tena.

Ukiiangalia hadithi ya Kimara, sumu ilikuwa salama kabisa ilipokuwa kwenye dumu lake. Ilikuwa na kizibo kigumu, maandishi, alama ya hatari, na umbo ambalo mtoto halijui. Hatari ilianza ilipohamia chupa ya maji, kwa sababu nyumba nzima imefundishwa tangu utotoni kwamba chupa ile ni ya kunywa. Hata mtu mzima mwenye kiu gizani angeidaka. Ndiyo maana kabati la kufuli peke yake halitoshi. Kitu kikae kwenye chombo chake cha asili, kizibo kikazwe, kisha ndipo kiingie kwenye kabati au sanduku lenye kufuli, juu ya kimo cha mtoto aliyepanda kiti, mbali na jiko na chakula. Chini ya kitanda hapafai, wala nyuma ya ndoo ya maji. Na fundi akitaka dumu, apewe na kilichomo. Hiyo nusu lita haina thamani ya kupigania. Gari lisilovuja halitaihitaji.

Mafuta ya breki yana habari yake. Chupa yake ni ndogo na rangi yake ni kama mafuta ya kula yaliyochujwa vizuri, na nayo yana kemikali za jamaa moja na kulanti. Watu huyatunza kwa sababu ni ghali. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kwa kiasi cha kipimo, 140 tu zinakubalika. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, mafuta ya namna hiyo hutoa mvuke na kanyagio linazama. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana inahatarisha mtoto nyumbani na dereva barabarani. Nunua chupa ndogo kuliko zote, fundi aitumie, inayobaki aondoke nayo.

Asidi ya betri ina tatizo la jina. Watu wengi huiita maji ya betri, sawa na yale maji safi ya kuongezea, na neno maji linatosha kumpoteza dada wa kazi aliyeanza juzi. Asidi huunguza, ikimgusa mtoto aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, na akimeza asitapishwe, maana itaunguza tena ikirudi. Petroli na mafuta ya taa nayo ni hivyohivyo: madhara makubwa yako mapafuni, na kutapisha ndiko kunakoyapeleka huko.

Linabaki lile beseni. Maji ya rejeta yatolewe moja kwa moja kwenye dumu kwa faneli, na dumu lifungwe kabla fundi hajashika spana nyingine. Yakimwagika, yafunikwe kwa mchanga au majivu, yazolewe kwenye mfuko na kufungwa, kisha pale pamwagiwe maji mengi. Kuku na mbuzi wa jirani nao hunywa kwenye vidimbwi. Na kama kila asubuhi kuna tone la rangi chini ya gari, au alama ya maji kwenye tangi dogo inashuka chini ya MIN injini ikiwa baridi, mpira au pampu inavuja, na ua wako una sumu hata kama kabati limefungwa kwa kufuli.

Familia ya Kimara sasa humpa fundi dumu tupu likiwa limetobolewa msumari chini. Fundi alinung'unika mara ya kwanza, kwa sababu madumu ya aina hiyo yakioshwa huuzwa sokoni, na mwenye kununua huwekea mafuta ya kupikia.